Bibi, Kilimia na mwezi wa 13

Januari 2024 tulikutana nyumbani kwa Bibi, Pangani, kwa kisomo, na baada ya ubwabwa ukazuka ubishi. Ami alisema mbele ya watu kwamba Bibi katimiza miaka 90. Binamu yangu, ambaye ndiye anayemshughulikia Bibi karatasi zake zote, akacheka: "Ami, kitambulisho kinasema 87. Hiyo mitatu umeitoa wapi?" Ami akaingia ndani, akarudi na msahafu wa marehemu baba yake Bibi. Ukurasa wa mwisho, kwa wino uliofifia na kwa herufi za Kiarabu, imeandikwa Rajabu 1355. Na sisi tulikuwa tumo ndani ya Rajabu 1445. Tisini kamili.

Watu waligawanyika pande mbili, na Bibi mwenyewe hakuwa na upande. Alikuwa anachambua mchicha.

Usiku nilichukua simu nikapiga hesabu. Mwezi, tangu kuandama hadi kuandama tena, huchukua wastani wa siku 29 na nusu na kidogo. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 na theluthi hivi. Jua hulimaliza duru lake kwa siku 365 na robo hivi. Tofauti ni siku 11 kasoro kidogo kila mwaka. Zidisha mwaka huo wa mwezi kwa miaka 90 ya Ami, kisha gawa kwa mwaka wa jua: unapata miaka 87 na miezi karibu minne. Rajabu 1355 iliangukia Septemba na Oktoba 1936. Kwa hiyo Ami alikuwa sahihi, binamu alikuwa sahihi, na mimi nilikosa usingizi, kwa sababu hizo siku 11 nilishawahi kukutana nazo mahali pengine, kwenye habari za Babeli.

Mesopotamia ya kusini, ilikokuwa Babeli, yaani kusini mwa Iraki ya leo, ni nchi ambayo mvua haitoshi kulima. Watu wake waliishi kwa maji ya Frati na Hidekeli, waliyoyaongoza mashambani kwa mifereji. Shayiri ilipandwa vuli ya kwao, kama Oktoba na Novemba, ikavunwa Aprili na Mei. Na hapo ndipo penye mtihani, maana mito ile hufurika majira ya kuchipua, theluji ya milima ya kaskazini inapoyeyuka. Mafuriko yanakuja shayiri ikiwa imeiva. Ukikosea wiki chache, ama unavuna mbichi ama unavuna ndani ya maji.

Kuhesabu siku, hata hivyo, walihesabu kwa mwezi, kama watu wengi wa kale. Siku yao ilianza jua linapozama, kama ambavyo kwetu usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake. Mwezi wao ulianza pale hilali ilipoonekana magharibi, ukawa wa siku 29 au 30 kutegemea macho na mawingu. Mtu wa Babeli angefika kwetu jioni ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, asingehitaji kuelezwa kinachoendelea.

Ila miezi yao ilikuwa na majina yaliyofungwa na kazi. Mjini Nipuri, zaidi ya miaka 2,000 KK, mwezi wa tatu ulikuwa wa matofali, kwa sababu ni kiangazi na udongo unakauka. Wa nane ulikuwa wa kuliweka chini plau. Wa 12 ulikuwa wa kuvuna shayiri. Katika mji wa Uma, ambao hauko mbali, mwezi wenye jina hilohilo la kuvuna ulikuwa ndio wa kwanza wa mwaka. Kila mji ulikuwa na orodha yake, jambo ambalo naamini liliwasumbua sana makarani na halikuwasumbua wakulima hata kidogo.

Sasa fikiria mwezi unaoitwa "kuvuna shayiri" unarudi nyuma siku 11 kila mwaka. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu umerudi mwezi mzima, watu wanaanza kunong'ona. Ukiuacha miaka tisa, umerudi siku karibu 100, na mwezi wa kuvuna unafika shayiri ingali majani mabichi, mbuzi wanaitamani. Jina limekuwa uongo. Na sikukuu nazo zimekwenda kombo, kwani mjini Uru palikuwa na sherehe ya akiti mara mbili kwa mwaka, moja ya mavuno na moja ya kupanda. Huwezi kumpelekea mungu sherehe ya mavuno ghala likiwa tupu.

Dawa waliyoigundua ni nyepesi kuisema: ukiona mwaka umerudi nyuma mno, uongeze mwezi wa 13. Urudie jina la mwezi uliopita, uuite wa pili, halafu endelea kama kawaida. Ugumu ulikuwa katika kujua lini, na nani aseme.

Hapa kuna barua ninayoipenda kuliko maandishi yote ya kale niliyowahi kuyasoma kwa tafsiri. Imeandikwa na mfalme Hamurabi, yule wa sheria, aliyetawala Babeli tangu 1792 hadi 1750 KK kwa hesabu inayotumika zaidi. Anamwandikia Sin-idinam, mkuu wake kule Larsa. Kwa maneno yangu, anasema hivi: mwaka huu umepungukiwa, kwa hiyo mwezi unaoingia uandikwe Ululu wa pili. Ululu ni mwezi wa sita, na baada yake ungefuata wa saba, Tashritu. Kisha mfalme anaongeza: na ile kodi iliyotakiwa ifike Babeli tarehe 25 ya Tashritu, sasa ifike tarehe 25 ya Ululu wa pili.

Isome tena taratibu. Mfalme kaongeza mwezi mzima kwenye kalenda, na wenye kodi labda walishaanza kushusha pumzi kwamba Tashritu imesogea siku 30 mbele. Kumbe kodi haisogei. Siku ni ileile, jina la mwezi tu limebadilika. Ningependa sana kuiona sura ya Sin-idinam alipofika mstari ule.

Barua hiyo inaonyesha kitu ambacho hesabu peke yake haisemi. Mwezi wa 13 ulikuwa na gharama, na mtu alilazimika kuilipa. Karne kadhaa kabla ya Hamurabi, vibarua wa mahekalu na wa serikali walilipwa posho ya shayiri kila mwezi. Kiwango cha kawaida cha mwanamume mzima kilikuwa sila 60, na sila moja ni kama lita moja. Mwaka wenye miezi 13, karani anatoa posho mara 13 kutoka katika mavuno yaleyale moja. Anayelipa posho angependa mwezi usiongezwe, na anayedaiwa angependa uongezwe. Ndiyo maana neno la mwisho lilikuwa la mfalme.

Na mfalme alijuaje? Zamani za Hamurabi hapakuwa na kanuni tuliyoachiwa. Inaonekana walitazama hali: mashamba, mito, na kuchelewa kwa nyota. Matokeo yake hayakuwa na mpangilio, miezi ya kuongeza mara inakaribiana, mara inapita miaka bila hata mmoja. Ila kuna mkusanyo wa vibao vya udongo uitwao Mul-Apin, uliotungwa kama miaka 1,000 KK, na ndani yake kanuni imeandikwa wazi. Jina la mkusanyo ni maneno yake ya kwanza, na maana yake ni Nyota ya Plau.

Plau! Nilipofika hapo nilimkumbuka Bibi. Kanuni yenyewe haitumii nyota hiyo, inatumia kile kishada cha nyota ndogo ambacho Wababeli walikiita "Nyota-nyota", na ambacho sisi tunakiita Kilimia. Jina letu limetoka katika kulima, na Wazulu na Waxhosa wana jina la mzizi huohuo, isilimela. Wazee wa pwani wana msemo kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Na kweli: mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika, hupotelea magharibi kwenye mwanga wa jua linalozama, na Juni, kipupwe kimeingia, unakiona tena mashariki kabla ya alfajiri.

Kanuni ya Babeli inasema hivi. Mwaka mpya unaanza mwezi wa Nisanu, majira ya kuchipua. Angalia mwezi mchanga jioni. Ukikutana na Kilimia usiku wa kwanza wa Nisanu, mwaka huo ni wa kawaida. Ukikutana nacho usiku wa tatu, mwaka huo uongezewe mwezi.

Mara ya kwanza nilipoisoma nilidhani ni uganga. Siku mbili tu za tofauti zinawezaje kuamua mwezi mzima? Ilinibidi nichore kwenye karatasi. Jua, likitazamwa kwa kuligeza na nyota, husogea kama nyuzi moja kwa siku. Mwezi una mbio, husogea kama nyuzi 13 kwa siku, zaidi kidogo ya upana wa ngumi ukinyoosha mkono mbele ya uso. Ikiwa mwezi wa siku moja, ambao bado uko karibu na jua, tayari uko pamoja na Kilimia, maana yake jua nalo liko karibu na Kilimia, yaani majira yamefika pale yanapotakiwa. Ikiwa mwezi umelazimika kutembea siku mbili zaidi ndipo ukakifikia, basi Kilimia kiko mbali na jua kwa nyuzi 26 zaidi. Jua linahitaji siku 26 kuimaliza njia hiyo. Kalenda imetangulia majira kwa karibu mwezi mzima. Ongeza mwezi, mambo yatulie.

Yaani mwezi waliutumia kama kioo cha kukuza. Kosa la siku 13 kwenye kalenda, ambalo hulioni kwa macho shambani, linajitokeza angani kama usiku mmoja wa kuchelewa, na usiku mmoja hata mtoto anauona. Sijui kama aliyeitunga aliiwaza kwa namna hii niliyoieleza au aliipata kwa kutazama miaka na mikaka. Vyovyote vile, ni kazi ya mtu aliyezoea kukaa nje usiku.

Ilikuwa na udhaifu wake. Wingu likitanda usiku wa kwanza na wa pili, umebaki na kubahatisha. Na kuna kosa la pili ambalo mtu mmoja hawezi kuligundua katika umri wake: nyota zenyewe, zikipimwa na majira, zinateleza polepole sana. Tangu wakati wa Mul-Apin hadi leo, Kilimia kimeteleza kiasi cha wiki sita. Ukiifuata kanuni ileile neno kwa neno sasa hivi, mwaka wako mpya utaangukia mwanzoni mwa Mei.

Waandishi walioitumia hawakuridhika nayo milele. Katika barua walizowaandikia wafalme wa Ashuru, karne ya saba KK, mtaalamu mmoja anamsihi mfalme waongeze mwezi, kwa hoja kwamba nyota zote za mbinguni zimechelewa. Napenda anavyosema kwamba nyota ndizo zilizochelewa. Kalenda haijakosea, nyota ndizo zimelala! Mtu anayemwandikia mfalme lazima achague maneno.

Wakati huohuo Babeli ilikuwa imeanza utaratibu ambao sijui mwingine wa kuufananisha nao. Usiku baada ya usiku waliandika vibao vya kumbukumbu: mwezi uko wapi, sayari ziko wapi, kulikuwa na wingu au la, na chini yake bei ya shayiri, tende, ufuta na sufu sokoni, na kina cha mto Frati. Kibao cha zamani zaidi tulichonacho ni cha 652 KK, na kazi iliendelea karibu miaka 600, wafalme wanakuja na kuondoka, Waajemi, Wagiriki, na karani yuko paani na udongo wake mbichi.

Ndani ya rundo hilo la kumbukumbu wakaona kwamba miaka 19 ya jua inalingana na miezi miandamo 235, na tofauti ni kama saa mbili tu. Miaka 19 yenye miezi 12 kila mmoja ni miezi 228. Panabaki saba. Basi ongeza miezi saba katika kila miaka 19, kwa mpangilio maalumu, na hutahitaji tena kumuuliza mfalme wala kuisubiri shayiri. Kuanzia karne ya tano KK mpangilio huo unaanza kuonekana, na karne ya nne umeshika kabisa: mara sita unarudiwa mwezi wa mwisho wa mwaka, Adaru, na mara moja Ululu. Nilijaribu mwenyewe. Mwezi mpya wa Januari 2024 ulizaliwa tarehe 11. Nikatafuta wa miaka 19 nyuma, Januari 2005: tarehe 10. Wayahudi wanautumia mpango huo hadi leo, pamoja na majina ya Babeli, Nisani na Eluli na Adari wa pili, na tarehe ya Pasaka ya Wakristo nayo imejengwa juu ya miaka hiyo 19.

Nami nakiri kwamba hapa ndipo Babeli inaanza kunipungukia ladha. Kanuni iliyokamilika haina Sin-idinam ndani yake.

Sasa turudi Pangani, maana Ami hakuiacha hoja yake. Nilipompigia simu kumweleza habari za mwezi wa 13, aliniambia, "Mwanangu, hilo lilishakatazwa." Alikuwa anakusudia Sura ya Tawba. Aya ya 36 inasema idadi ya miezi mbele ya Mwenyezi Mungu ni 12, na ya 37 inakataza nasii, kule kuahirisha miezi mitukufu. Kalenda ya Kiislamu ikabaki na mwezi mtupu, bila kuongezwa kitu, na kwa hiyo Ramadhani inazunguka majira yote katika miaka kama 33. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Kwa ibada sioni kasoro: hakuna mtu anayefunga jua kali maisha yake yote huku mwenzake akifunga kipupwe tu.

Lakini mkulima na nahodha hawawezi kwenda hivyo. Kaskazi na kusi havijui Mfunguo Mosi wala Mfunguo Pili. Ndiyo maana watu wa pwani yetu waliweka hesabu ya pili kando, ya Nairuzi, jina na asili yake Uajemi. Ni mwaka wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi tangu Siku ya Mwaka, na kwa hesabu hiyo mtu alijua mwongo wa kupanda na mwongo wa kung'oa nanga. Makunduchi bado wanaikoga siku hiyo kila Julai. Hesabu hiyo nayo ina ufa wake, kwa sababu haina ile robo ya siku, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne. Ila siku moja kwa miaka minne unaivumilia. Siku 11 kwa mwaka zingekukuta baharini.

Kwa hiyo Wababeli walikuwa na kalenda moja na mabishano mengi, na wazee wetu walikuwa na kalenda mbili na kila moja kazi yake. Mimi ningechagua mbili. Shida yake ni moja tu, kwamba siku moja atatokea Ami na mjukuu mwenye kitambulisho.

Iddi ya mwaka huo ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Aprili, na nilikwenda kula kwa Bibi. Masika yalikuwa yamechachamaa, mvua kutwa. Jioni ya Alhamisi, baada ya magharibi, mawingu yalipasuka upande wa magharibi, nami nikamwita Bibi barazani. Hilali ilikuwa imekaa ubavuni pa Kilimia kabisa, na Mushtarii iking'aa chini yao. Nikahesabu kwa vidole: Jumanne jioni mwezi umeandama, Jumatano, Alhamisi. Usiku wa tatu.

"Bibi," nikamwambia, "kungekuwa Babeli, mwezi huu umekutana na Kilimia usiku wa tatu. Mfalme angeamuru mwezi urudiwe."

"Urudiwe upi?"

"Huu uliokwisha. Yaani Ramadhani ya pili."

Bibi aliutazama mwezi, akautazama upande wa jikoni, ambako sufuria ya pilau ilikuwa bado haijaoshwa.

"Huyo mfalme," akasema, "alikuwa anafunga yeye mwenyewe?"